Vidonge vya Mwezi wa Pili

Kiwanda cha uchapaji alichofanyia kazi kilikuwa na mashine nne na wafanyakazi kumi na tisa, na kati ya wote hao alikuwepo mmoja tu aliyeweza kuinua karatasi mbichi kutoka mashinini na kusema, bila rula, kwamba rangi nyekundu imesogea kushoto kwa unene wa unywele. Ndiyo sababu walimwita Jicho. Jina lake halisi lilibaki kwenye kadi ya mshahara na midomoni mwa ndugu zake.

Hakuzaliwa na macho hayo. Aliingia pale akiwa na miaka kumi na tisa, kazi yake kufagia vipande vya karatasi chini ya mashine ya kukatia. Msimamizi wa kiwanda, mzee mmoja aliyeitwa Wino kwa kuwa viganja vyake havikuwahi kutakata hata siku ya harusi ya binti yake, alimkuta siku moja amechutama, anasoma vile vipande kabla ya kuvitia kwenye gunia. Akamuuliza anatafuta nini. Akasema hatafuti kitu, ila herufi za boksi hili zimenona kuliko za lile. Mzee akatoa mfukoni kioo kidogo cha kukuzia, kile cha wapiga chapa kinachosimama chenyewe juu ya karatasi, akamwekea. "Macho kila mtu anayo," alimwambia. "Kutazama ndiyo kazi." Kuanzia wiki hiyo ufagio ukapata mwenyewe mwingine.

Miaka kumi na miwili baadaye Jicho alikuwa mkaguzi wa kazi zote zinazotoka kiwandani: mabango, kadi za harusi, vitabu vya risiti na maboksi ya sabuni. Alikuwa ameolewa na fundi wa majokofu, mwanamume mpole mwenye mzaha, na mama mkwe wake alikuwa anaishi nao. Mimba waliisubiri miaka mitatu. Ilipokuja, mama mkwe alishukuru kwa sauti, fundi alishukuru kwa kunyamaza siku nzima, naye Jicho alishukuru huku anaogopa.

Hofu yake ilikuwa na sababu. Dada yake mkubwa aliwahi kujifungua akiwa na damu kidogo mwilini, na ile iliyomtoka baada ya mtoto, ambayo mwanamke mwingine angeihimili, yeye ilimwangusha. Aliokolewa na chupa tatu za damu za watu asiowajua. Jicho alikuwepo koridoni siku hiyo. Hajasahau rangi ya midomo ya dada yake, na kwa mtu wa rangi hilo si jambo dogo.

Basi alipokwenda kliniki mara ya kwanza, mimba ikiwa na wiki kumi na nne, na mkunga akamwambia wingi wa damu yake ni tisa nukta nne, aliomba atajiwe namba ile tena.

"Kwa mjamzito tunataka isipungue kumi na moja," mkunga alisema. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, asiyeharakisha mtu. Alikuwa amekwisha kumpima malaria na kumpa dawa ya minyoo kwa tarehe yake. "Usitishike, tuna muda. Utameza vidonge vya madini ya chuma vyenye asidi ya foliki, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Wenzako wenye damu ya kutosha wanameza kimoja. Wewe viwili mpaka damu ipande, halafu tutashusha."

Stoo ya kliniki ilikuwa imeishiwa wiki ile, kwa hiyo akaandikiwa karatasi ya kununua dukani.

Duka la dawa lilikuwa mtaa wa pili, kati ya kinyozi na fundi viatu. Mwenyewe alikuwa mfamasia wa makamo aliyesoma kila boksi kwa kidole, kama mtoto anayejifunza irabu, hata maboksi aliyoyauza miaka yote. Wateja wenye haraka walikereka. Jicho alimpenda papo hapo.

"Mama kijacho, ngoja nikuonyeshe kitu kinachowachanganya wengi," mfamasia alisema, akapanga maboksi matatu juu ya kaunta. "Hili limeandikwa miligramu mia mbili. Hili mia tatu. Hili sitini. Ukiambiwa uchague lenye chuma kingi utachukua lipi?"

"La mia tatu."

"Ndilo lenye kidogo kuliko yote. Hiyo mia tatu ni uzito wa mchanganyiko mzima, chumvi iitwayo glukonati ya chuma. Chuma chenyewe ndani yake ni kama thelathini na tano tu. Hii mia mbili ni salfeti, chuma chake sitini na tano. Na hili la sitini wameandika chuma chenyewe, pamoja na mikrogramu mia nne za foliki. Mkunga wako anataka chuma kama mia na ishirini kwa siku, yaani hivi viwili. Usisome namba kubwa ya mbele. Tafuta palipoandikwa chuma halisi ni kiasi gani."

Jicho alicheka. Kiwandani kwake pia watu hupima uzito wa karatasi wakadhani wamepima wino.

Akalinunua lile boksi la vidonge sitini, la mwezi mzima. Mfamasia akaandika kwenye daftari lake la mauzo jina, simu na dawa iliyotoka. Akamwonya asimeze pamoja na chai wala maziwa, apishanishe kwa muda wa saa mbili, na kwamba choo kingekuwa cheusi. "Kisikutishe. Ni chuma kilichobaki kinatoka. Na weka mbali watoto wa jirani wasifikie. Kwa mtoto mdogo hivi ni sumu."

Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu. Kichefuchefu kilimkamata asubuhi, tumbo likafunga, na choo kikawa cheusi kama alivyoambiwa. Fundi wa majokofu akawatangazia marafiki kwamba mke wake anakula misumari. Mama mkwe akauliza kama mjukuu atazaliwa mtu au reli. Lakini aliporudi kliniki wiki ya kumi na nane, damu ilikuwa tisa nukta tisa. "Inapanda," mkunga alisema, na Jicho akarudi kazini anatembea kama aliyepewa cheo.

Boksi la pili lilinunuliwa na mumewe Jumamosi moja akitoka kutengeneza jokofu la bucha. Mfamasia hakuwepo siku hiyo. Alikuwepo msaidizi wake, dada mmoja mchangamfu. Boksi lilikuwa lile lile, jina lile lile, vidonge sitini.

Na mwezi huo ulikuwa wa raha. Kichefuchefu kilikwisha. Tumbo likalegea. Jicho alimshukuru Mungu kwa kila kidonge alichomeza bila kujikunja, akawaambia wenzake kiwandani kwamba mwili umekwisha kuzoea. Hakukosa hata siku moja. Jioni alipochoka mpaka kushindwa kuvua viatu, alijiambia ndiyo mimba yenyewe, inakua.

Wiki ya ishirini na mbili damu ilikuwa tisa nukta sifuri.

Mkunga aliitazama ile namba, akatazama ya mwezi uliopita, akarudia kipimo. Ikatoka vile vile. Akapima na malaria tena, hakuna.

"Vidonge unavimeza?" aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya, lakini aliuliza kama mtu aliyekwisha kudanganywa mara nyingi.

"Vyote, sista. Asubuhi na jioni."

"Wengi wanaviacha kwa sababu ya kichefuchefu. Siwezi kukukaripia, niambie tu."

"Nimemeza vyote." Mtu mzima, mkaguzi wa kiwanda, anaulizwa kama mtoto aliyeficha uji chini ya kitanda. Machozi yakaanza kumlenga.

Mkunga akavuta kiti chake karibu. Baadaye Jicho alisema kwamba uzazi wake uliokolewa kwenye kile kiti, kwa kuwa mkunga angeweza kuandika tu kwenye kadi "hamezi dawa" akaita anayefuata. Hakufanya hivyo. Alimwamini, akaendelea kuuliza.

"Kichefuchefu je?"

"Kimekwisha mwezi huu."

"Na choo kikoje? Usione haya, hapa ndipo mahali pake."

Jicho aliinama. "Mwezi wa kwanza cheusi. Mwezi huu cha kawaida. Nilifikiri mwili umezoea."

"Tumbo linaweza kuzoea," mkunga alisema polepole. "Choo hakizoei. Chuma kikiingia hivyo, rangi inabadilika. Haiwi uthibitisho, lakini inanipa mashaka. Vidonge hivyo ulinunua wapi?"

Jicho hakumaliza kazi siku ile. Aliomba ruhusa kwa mzee Wino, akaenda nyumbani moja kwa moja. Boksi la mwezi wa kwanza alikuwa nalo bado. Wapiga chapa wana tabia hiyo, boksi lililotengenezwa vizuri halitupwi, na lile alikuwa amelitia vifungo na sindano juu ya karatasi tupu za vidonge. Akamwaga vifungo kitandani. Akayaweka maboksi mawili dirishani, moja kando ya jingine, akatoa kioo chake.

Kwa macho matupu walikuwa mapacha. Chini ya kioo, hapana. Nyekundu ya boksi la kwanza ilikuwa wino mmoja, umelala mzima kama rangi ya ukuta. Nyekundu ya boksi la pili ilikuwa vitone vya pinki na vitone vya njano vimechanganyika, kazi ya mtu aliyepiga picha boksi la mwenzake kisha akalichapa upya. Herufi ndogo za pembeni zilikuwa na ukungu. Ila kilichomfanya akae chini ni namba ya toleo, ile ambayo kiwanda cha dawa huupa kila mkupuo wa vidonge, pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kwenye boksi la kwanza zilikuwa zimegongwa baadaye kwa muhuri, zimebonyea kidogo, na wino wake mweusi haukufanana na uliobaki. Ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa kuwa maboksi huchapwa kwa maelfu kabla dawa haijajulikana ni ya mkupuo gani. Kwenye boksi la pili zilichapwa pamoja na boksi lenyewe, siku moja, mashine moja. Akageuza karatasi zile za rangi ya fedha zinazofungia vidonge. Za boksi la kwanza zilikuwa na namba ile ile iliyo kwenye boksi lake. Za boksi la pili hazikuwa na namba kabisa.

Mama mkwe alisimama mlangoni na kikombe. "Mwanangu, mbona umemwaga vifungo?"

"Mama, nimemeza chaki mwezi mzima."

Bibi yule alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini safari hii alikaa kitandani juu ya vifungo, akamshika mkono. Kisha akasema, "Haya, vaa viatu. Nakwenda na wewe. Wakikutolea sauti watanikuta mimi."

Njiani Jicho alijiandaa kwa ugomvi. Alijua watu wa maduka: watakwambia umebadilisha boksi, umenunua kwingine, unaharibia jina. Mfamasia alikuwepo. Akayachukua maboksi mawili, akayasoma kwa kidole. Jicho akamwekea kioo juu ya nyekundu, akamwonyesha. Mfamasia aliinama, akatazama hili, akatazama lile. Alipoinua kichwa, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Hili limetoka kwangu," alisema.

Hayo tu. Mama mkwe, aliyekuwa amekunja mikono tayari kwa vita, akaifungua hana pa kuiweka.

Msaidizi akaitwa. Akaeleza: bosi alikuwa msibani, muuzaji wa jumla wa siku zote aliishiwa, na mwanamume mmoja nadhifu akapita na begi, akasema ni wakala mpya. Dada yule alichukua maboksi ishirini. Risiti aliyopewa haikuwa na namba ya toleo wala namba ya leseni. Mfamasia aliisoma, akaikunja. "Kosa ni langu," alimwambia. "Nilikufundisha kuuza, sikukufundisha kupokea. Kupokea ndiko kugumu."

Yaliyofuata Jicho aliyatazama akiwa amekaa kwenye benchi la wateja, na kila akiyasimulia huyasimulia kwa heshima. Mfamasia alitoa rafuni maboksi tisa yaliyobaki, akayatia kwenye katoni, akaizungushia karatasi ya gundi, akaandika kwa kalamu nene USIUZE, akaiweka chumba cha nyuma mbali na dawa nyingine. Hakuyatupa, alisema ni ushahidi. Kisha akampigia wakala halali wa kampuni inayotengeneza vile vidonge, akamsomea namba. Wakala akatafuta, akarudi simuni. Namba hiyo ilikuwa ya kweli, ila ya mkupuo wao uliokwisha muda mwaka uliopita. Tarehe iliyokuwa kwenye boksi hili ilikuwa ya miaka miwili mbele. Walioiga waliazima namba, wakabuni tarehe.

Simu ya pili ilikwenda mamlaka ya dawa. Asubuhi iliyofuata wakaguzi wawili walikuja, wakachukua katoni, risiti na vidonge vya Jicho vilivyosalia, wakaandika maelezo ya kila mtu. Walimwambia Jicho jambo ambalo hakulisahau: macho yake yamegundua boksi bandia, lakini kilichomo kwenye kidonge ni maabara tu inayoweza kusema, maana wapo wanaochapa boksi bila dosari. Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Wanga, rangi ya kahawia, na chuma kidogo sana, kisichotosha hata mlo wa kuku.

Lakini mfamasia hakusubiri majibu. Jioni ile ile ya kuletewa maboksi alifungua daftari la mauzo. Ukiacha la Jicho, maboksi kumi yalikuwa yameuzwa kwa watu tisa. Akapiga simu moja moja, na kwa kila mmoja alirudia maneno yale yale, kwamba dawa niliyokuuzia nina wasiwasi nayo, acha kuimeza, ilete, nitakupa nyingine, na nenda kliniki ukapime damu. Wengine walimshukuru. Mmoja alimtukana mpaka simu ikakatika, naye mfamasia akasema mtu huyo ana haki. Mteja wa tisa, muuza nyanya mwenye mimba kubwa, simu yake haikupatikana. Mama mkwe akauliza anaishi wapi. Kumbe ni nyuma ya stendi, mtaa ambao bibi alikuwa anaufahamu nyumba kwa nyumba. Akajifunga kanga, akaondoka kumtafuta, na kabla jua halijazama alikuwa amempeleka kliniki kwa mkono wake mwenyewe. Damu ya yule mama ilikuwa saba nukta mbili, na zimebaki wiki tano ajifungue. Mkunga hakumwandikia vidonge. Alimpeleka hospitali kuwekewa chuma kwa mshipa, kwa kuwa vidonge vingechelewa.

Vidonge vipya vya Jicho vilitoka kwa muuzaji wa jumla wa siku zote, na mfamasia alivifungua mbele yake. Lakiri, ile karatasi ya kuzibia boksi, ilikuwa nzima. Namba ya boksi na ya karatasi ni moja. Namba ya usajili imo kwenye orodha ya mamlaka. Chini ya lakiri palikuwa na sehemu ya kukwangua. Akakwangua, akatuma tarakimu kwa simu, ujumbe ukarudi kwamba ni halisi. Akampigia na wakala vile vile, maana hata hiyo sehemu, alisema, wapo wanaoiga.

Siku ya tatu kichefuchefu kilirudi, na choo kikawa cheusi. Fundi wa majokofu alimkuta mkewe ameegemea sinki, kijasho kinamtoka, anacheka.

"Unacheka nini?"

"Misumari imerudi."

Hata hivyo kucheka hakutulizi tumbo. Wiki mbili baadaye alikuwa anatapika kila kidonge cha asubuhi, na kidonge kilichotapikwa hakiongezi damu. Mama mkwe, aliyeona huruma, akatoa kabatini chupa aliyoletewa na shoga yake kutoka safarini: vidonge laini vya kutafuna kwa wajawazito, ladha ya matunda. "Mwanangu, vitamini ni vitamini. Tafuna hivi."

Jicho akaipeleka kwa mfamasia bila kuifungua, kwa kuwa sasa alikuwa ameapa kutokula kitu asichokisoma. Wakaisoma pamoja. Foliki ilikuwepo, mikrogramu mia nne. Vitamini A, ipo. Iodini, ipo. Chuma, hakipo, mstari wake haukuwepo kabisa.

"Nyingi za kutafuna ziko hivi," mfamasia alisema. "Chuma kina ladha ya msumari, na kikiwa kitamu ni hatari kwa watoto. Si dawa mbaya, ila si ya shida yako. Na usije ukaichanganya na multivitamini nyingine juu yake. Vitamini A ikizidi inamdhuru mtoto."

"Basi nipe ya maji."

"Ipo. Lakini tuhesabu." Akageuza chupa ya dawa ya maji. Kila kijiko kidogo cha hiyo kilikuwa na chuma thelathini. Angehitaji vijiko vinne kwa siku, chupa isingefika wiki, na ingemtia meno weusi asipotumia mrija. Akamwonyesha vidonge vya kuyeyuka polepole, vya bei ya juu, vinavyosifiwa kutosumbua tumbo. "Havisumbui kwa sababu vingi vinayeyuka vikiwa vimekwisha kupita mahali ambapo mwili unanyonya chuma. Kuna glukonati, mpole, lakini ungemeza vitatu au vinne. Kuna multivitamini yenye chuma thelathini, nzuri kwa mwenye damu ya kutosha. Kwako leo haitoshi."

Jicho alikaa akitazama safu ile ya chupa na maboksi. "Kwa hiyo bora ni kile kile kinachonitapisha."

"Pengine shida si kidonge, ni saa. Unakimeza na nini?"

"Asubuhi, tumbo tupu, nikikimbilia kazini."

Mfamasia akampigia mkunga papo hapo, wakazungumza kidogo, wakakubaliana. Kidonge kimoja saa nne asubuhi, baada ya kula kidogo, na chungwa. Cha pili baada ya chakula cha jioni, karibu na kulala, ili kichefuchefu kimkute usingizini. Chai asubuhi mapema tu. Vidonge vya kalsiamu alivyopewa kliniki vihamie mchana, visikutane na chuma. Asipopata nafuu ndani ya wiki, wabadilishe aina ya chumvi ya chuma.

Hawakubadilisha. Kiwandani mzee Wino alianza kugonga meza kila saa nne kamili, mashine zinanguruma, akiinua kidole: chungwa. Wapiga chapa kumi na wanane walijua ratiba ya damu ya mwenzao kuliko ratiba ya kazi. Na wiki ile ile mzee alichapa bango bila kuombwa: picha ya nyekundu halisi na nyekundu ya vitone, zimekuzwa, na chini yake maneno machache kwamba linganisha namba ya boksi na ya karatasi, na ukiwa na shaka muulize mfamasia kabla ya kumeza. Mfamasia akalibandika mlangoni pake mwenyewe, pamoja na barua aliyoitia sahihi ikisema kwamba dawa bandia ziliuzwa hapa, tarehe hizi, na nani wa kurudisha. Wenzake wa biashara walimwambia amejichimbia kaburi. Wateja walipungua mwezi mmoja. Kisha wakarudi, na wengine wapya wakafuatana nao.

Wiki ya ishirini na sita damu ilikuwa kumi nukta moja. Wiki ya thelathini, kumi na moja nukta mbili. Mkunga aliandika ile namba kwenye kadi, akaipigia mstari, akashusha dozi iwe kidonge kimoja kwa siku mpaka kujifungua na miezi mitatu baada yake.

"Nilikuuliza kama unameza," alisema akiwa bado ameinamia kadi. "Siku ile nilikuumiza."

"Uliniumiza," Jicho alijibu. "Lakini ulivuta kiti."

Alijifungua wiki ya thelathini na tisa, mchana, mtoto wa kike wa kilo tatu na robo. Damu ilitoka kama inavyowatoka wanawake wengine, naye akaihimili kama wanavyoihimili wengine. Dada yake mkubwa alikuwepo koridoni. Alipoingia, jambo la kwanza alilolitazama si mtoto. Alitazama midomo ya mdogo wake, akaona ina rangi, akakaa kwenye ukingo wa kitanda na kulia taratibu. Hakuna aliyemzuia.

Wiki sita baadaye, siku ya chanjo, benchi la kliniki lilikuwa limejaa. Jicho akasogezewa nafasi na mwanamke mmoja mwenye mtoto wa kiume mnene, mwenye mashavu kama maandazi. Wakaanza kulinganisha usingizi, kama mama wote. Mwanamke akasema yeye mimba ilimtesa, alifika hospitali hana damu, alifuatwa sokoni kwake na bibi mmoja asiyemjua aliyemwambia acha nyanya, twende.

Jicho akamgeukia. "Bibi mwenye kanga ya buluu, anayezungumza njia nzima?"

"Huyo. Hata nilipokuwa nawekewa dawa alikuwa anazungumza. Aliniambia kuna mkwe wake ana kioo." Mwanamke alimpakata mtoto vizuri. "Sikuwahi kumwona huyo mkwe. Namwombea tu kila siku, bila jina."

Jicho akamhamishia binti yake mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akapokea yule mtoto mnene ambaye mama yake alikuwa amemnyooshea ili afunge kanga. Alikuwa mzito, wa moto, ananuka maziwa. Wakakaa hivyo mpaka nesi alipotoa kichwa mlangoni na kuita anayefuata.